Kikohozi cha Virusi na Amoksilini Isiyo na Cheti

Amoksilini ni dawa ya cheti. Kisheria haipaswi kutolewa kwa mteja aliyefika mwenyewe akiitaja kwa jina, kama anavyoomba panadol. Hata hivyo, katika famasi nyingi za Tanzania ombi hilo husikika kila siku, na mara nyingi anayeomba ana kikohozi na mafua. Maduka ya dawa muhimu, yaliyoanzia mkoani Ruvuma mwaka 2003 kuchukua nafasi ya maduka ya dawa baridi, yameruhusiwa kuuza orodha fupi ya antibayotiki ili watu wa vijijini wasizikose. Ruhusa hiyo haikufuta cheti. Iliisogeza tu dawa karibu na mgonjwa, na kwa kufanya hivyo ikamwongezea mtoa dawa uzito wa uamuzi wake.

Vikohozi vingi vinavyoanza ghafla pamoja na mafua, koo kuwasha na uchovu husababishwa na virusi. Antibayotiki hushambulia bakteria na haigusi virusi kabisa. Inapomezwa bila sababu, kazi yake huwaangukia bakteria wanaoishi tumboni na kooni bila kumdhuru mtu. Walio dhaifu hufa, na wale wenye uwezo wa kuihimili dawa hubaki na kuongezeka. Bakteria hao sugu wanaweza kukaa mwilini kwa miezi kadhaa, hata kufikia mwaka. Mama aliyemeza amoksilini kwa ajili ya mafua anaweza kupata maambukizi ya njia ya mkojo baada ya miezi miwili, na safari hiyo dawa isimsaidie. Hasara haimngojei mjukuu wake, bali huanza kwake mwenyewe.

Kinachowachanganya wengi, wauzaji wakiwamo, ni rangi ya makohozi. Yakigeuka manjano au kijani huonekana kama uthibitisho kwamba sasa kuna bakteria. Ukweli ni kwamba rangi ya kijani hutokana na kimeng'enya kilichomo ndani ya chembe nyeupe za damu, ambazo mwili huzituma kupambana na maambukizi yoyote, ya virusi pia. Rangi peke yake haitoshi kuamua lolote.

Kinachoamua ni maswali. Mfano ni fundi ujenzi wa miaka 32 anayefika dirishani na kusema, "Dada, nipatie amoksilini, kifua kimenibana." Mtoa dawa makini haanzi kwa kukataa. Huuliza kwanza dawa ni ya nani, kwa sababu mara nyingi mgonjwa yuko nyumbani. Kisha huuliza kikohozi kina siku ngapi, kilianzaje, na kama kuna homa, kubanwa pumzi, kuchomwa kifuani wakati wa kuvuta hewa, au damu kwenye makohozi. Huuliza pia magonjwa mengine, yaani pumu, kisukari, siko seli au VVU, na dawa anazotumia mgonjwa. Swali hilo la mwisho husahaulika sana, ilhali baadhi ya dawa za shinikizo la damu, kama kaptopri na enalapri, zenyewe huleta kikohozi kikavu kisichoisha.

Fundi anajibu kwamba ana siku tano, alianza na mafua na koo, homa ilikuwa ya siku moja na imekwisha, anapumua vizuri, na makohozi yamekuwa ya kijani tangu jana. Hana ugonjwa mwingine na hatumii dawa yoyote. Hiyo ni picha ya virusi. Kama homa ingekuwa bado ipo, kipimo cha haraka cha malaria kingetangulia kabla ya dawa yoyote.

Hapo ndipo ugumu ulipo. Mtoa dawa akisema "hatuuzi bila cheti" na kunyamaza, fundi atavuka barabara na kuinunua kwingine. Wauzaji hulitaja jambo hili kila mara kama sababu ya kuuza, na si uongo. Lakini mteja anayeondoka kwa hasira mara nyingi ni yule aliyekataliwa bila kuelezwa. Maneno ya namna hii humsaidia zaidi: "Kaka, nimekusikiliza. Hiki ni kikohozi cha mafua, na amoksilini haitakiponya. Inaweza kukuharisha au kukutoa vipele bure. Nitakupa cha kukutuliza, na nitakwambia dalili zipi zikitokea uende hospitali."

Jambo lenye thamani kuliko yote katika maelezo hayo ni muda. Tafiti zilizojumuishwa pamoja zimeonyesha kwamba kikohozi cha aina hii hudumu wastani wa siku 18 hivi, wakati watu wengi hutarajia kiishe kwa wiki moja. Tofauti hiyo ndiyo huzalisha ombi la antibayotiki. Mtu huona siku ya sita bado anakohoa, ananunua azithromaisini ya siku tatu, anapata nafuu ambayo ingekuja hata asingeimeza, na kuanzia siku hiyo huiamini dawa hiyo kwa kila mafua. Aliyeambiwa mapema kwamba kikohozi hupungua polepole hashtuki siku ya sita.

Anachoondoka nacho fundi ni kidogo. Parasetamo, vidonge viwili vya miligramu 500 kila baada ya saa sita kama mwili unauma, visizidi vinane kwa siku, na asichanganye na dawa za mafua zenye parasetamo ndani yake. Maji ya kutosha, na asali ndani ya maji ya uvuguvugu. Asali hiyo haipewi mtoto wa chini ya mwaka mmoja, kwa sababu inaweza kubeba mbegu za bakteria wanaotoa sumu ya kupooza. Dawa nyingi za maji za kikohozi zina ushahidi dhaifu, na zenye kodeini hazifai kwa watoto.

Mtoto ana kanuni yake. Mzazi huombwa afunue nguo ya mtoto akiwa ametulia, halani wala halii, na pumzi huhesabiwa kwa dakika nzima. Pumzi 60 au zaidi kwa aliye chini ya miezi miwili, 50 au zaidi kwa wa miezi miwili hadi 11, na 40 au zaidi kwa wa mwaka mmoja hadi chini ya mitano, ni za haraka. Mtoto huyo hupelekwa kituoni siku hiyo hiyo kwa sababu anaweza kuwa na nimonia, ambayo amoksilini huitibu kweli. Kifua kikibonyea anapovuta pumzi, au akishindwa kunyonya, ni dharura.

Kwa mtu mzima, kukohoa wiki mbili au zaidi kunadai kipimo cha kifua kikuu, na mwenye VVU hupimwa kwa kikohozi chochote. Wengi watakaopimwa watakutwa hawana, kwa kuwa kikohozi cha virusi nacho huweza kuvuka siku ya 14. Lakini kipimo na matibabu ya kifua kikuu hutolewa bure katika vituo vya serikali, na kukisia ni hatari. Siprofloksasini na livofloksasini ndizo mbaya zaidi kuuzwa hapa. Dawa za kundi hilo huwadhoofisha bakteria wa kifua kikuu kwa muda, mgonjwa akajiona amepona na makohozi yakaonekana safi, huku ugonjwa ukiendelea kuambukiza familia na vimelea vikijifunza kuihimili dawa ambayo hospitali huitegemea kwa kifua kikuu sugu.