Kimya si Ridhaa: Funzo la Minazi ya Pete

Wiki hii nakuomba tutoke kidogo mjini. Tupande gari pale Darajani tuelekee kusini, kiasi cha kilomita thelathini na tano, mpaka kijiji cha Pete kilicho jirani na msitu wa Jozani. Dada yangu anaishi huko. Ni mjane, ana minazi sitini aliyoachiwa na marehemu mumewe, na kila baada ya miezi mitatu hivi huiuza mavuno yake kwa mchuuzi anayetoka mjini. Mavuno hayo ndiyo nauli, vitabu na sare za skuli za watoto wake watatu.

Mwaka jana nilikuwapo siku ya kupatana bei. Mchuuzi alifika asubuhi, akaamkia vizuri, akazunguka shamba, kisha akaketi barazani. Akasema nazi atachukua kwa shilingi 300 moja. Dada akajibu kwamba yeye anauza 450. Mchuuzi hakusema kitu. Akaokota kijiti, akawa anachora chini. Dada akamtazama, akanitazama mimi, kisha akasema, "Basi, nipe mia nne." Mchuuzi bado anachora. "Haya baba, mia tatu na hamsini, tusichoshane." Hapo ndipo mchuuzi alipoinua uso akasema, "Sawa mama, kwa ajili yako."

Nilikuwa na saa mkononi. Tangu dada ataje 450 mpaka akubali 350 haikufika nusu dakika. Katika muda huo mchuuzi hakutoa hoja hata moja wala hakuongeza hata senti. Dada alijipunguzia bei mara mbili, akishindana na kimya tu. Nazi zilikuwa 600, kwa hiyo alipata shilingi 210,000, na kwa kuwa mkwezi alikuwa juu yake, kwa shilingi 1,000 kila mnazi, zilimbakia 150,000.

Usimcheke dada yangu. Sote ndivyo tulivyo, na wa kwanza ni mimi ninayeishi kwa kusema. Studioni tunafundishwa kuogopa ukimya kama moto, maana redio ikinyamaza msikilizaji anadhani mitambo imeharibika. Lakini si watu wa redio peke yao. Mwaka 2009 wataalamu wa lugha walitoa matokeo ya uchunguzi wa lugha kumi za sehemu mbalimbali za dunia. Walipima muda unaopita baina ya mtu kuuliza na mwenzake kujibu, wakaona kwamba kwa wastani ni kama moja ya tano ya sekunde. Kwa hivyo sekunde tatu tu za kimya ni mara kumi na tano ya muda tuliouzoea. Mwaka 2011 watafiti wa Uholanzi nao walionyesha kwamba sekunde nne za kimya katikati ya mazungumzo zinatosha kumfanya mtu ajione amekataliwa. Dada hakushindwa na hesabu. Alihisi amemkera mgeni wake, akataka kurudisha uhusiano, na kitu pekee alichokuwa nacho mkononi cha kumpa ni bei.

Hapa kwetu kuna jambo jingine. Tumelelewa kuona kuwa kunyamaza ni kukubali. Binti akiulizwa juu ya mchumba akainamisha kichwa, wazee hupokea kimya chake kuwa ndiyo. Kwa hiyo mtu akitajiwa bei ndogo akanyamaza, mwenzake anaweza kuondoka akidhani wameshapatana. Anayetaka kukitumia kimya katika Unguja hii lazima kwanza akitenge na ridhaa. Njia yake ni nyepesi: sema maneno machache kabla ya kunyamaza. "Hiyo haijanifikia, ngoja niifikirie." Kisha nyamaza. Hapo mwenzako anajua kuwa mlango haujafungwa, wala wewe hujaingia.

Tulipokaribia mavuno yaliyofuata, mimi na dada tulikaa tukajitayarisha. La kwanza tuliandika kwenye karatasi bei ambayo chini yake hauzi. Alisema 380, na chini ya hapo afadhali azivunje akaushe mbata. Jambo hili ni la lazima, kwa sababu asiyejua mwisho wake hawezi kunyamaza. Moyo unamwenda mbio, na mdomo unakimbia kuutuliza. Tukazunguka pia shambani tukakadiria nazi zilizokomaa, tukapata mia sita na kidogo.

La pili tulipanga lini anyamaze. Si kila wakati, maana anayenuna tangu salamu mpaka kwaheri anaonekana hana adabu. Tulichagua mahali pawili tu: mara baada ya kutaja bei yake, na mara baada ya mchuuzi kutaja yake. Ukitaja bei, weka nukta. Usiongeze "lakini tunaweza kuzungumza", wala "kama utaona ni nyingi". Maneno hayo ni punguzo ambalo hujaombwa.

La tatu lilikuwa namna ya kuupitisha muda wenyewe. Nilimwambia avute pumzi tatu za polepole, ambazo ni kama sekunde kumi. Yeye akapata dawa bora kuliko yangu. Akasema atakaa na ukili wake. Mwanamke wa kijijini akisuka ukili hakuna anayemshangaa, mikono ina kazi, macho yana pa kutua, na hahitaji kumkodolea mgeni macho kama polisi. Akaweka sharti lake mwenyewe: kabla hajafunga misuko kumi, hasemi.

Siku ikafika. Mchuuzi yule yule, salamu zile zile, kahawa ikamiminwa. Akaanza, "Mama, safari hii mia tatu. Kima wamekumaliza." Dada akajibu, "Mia nne na hamsini, na mkwezi awe juu yako." Akainamia ukili. Mimi nilisikia jasho likinitoka, nikauma ulimi nisije nikamwokoa mchuuzi. Misuko saba, minane. Mchuuzi akakohoa, akasema, "Nimewaona mwenyewe, wamejaa juu ya minazi." Dada akaendelea kusuka kidogo, kisha akauliza kwa upole, "Umeziona nazi ngapi zilizokomaa walizokula?" Akanyamaza tena.

Swali lile lilikuwa zito kuliko linavyoonekana. Kima punju wa Jozani kweli hupanda minazi ya wakulima, lakini wanachokula zaidi ni vidaka, si nazi pevu. Watafiti wawili walioichunguza minazi ya pembezoni mwa msitu huo waliandika mwaka 1999 kwamba minazi iliyoliwa vidaka zaidi haikupungukiwa mavuno. Ilielekea hata kuzaa zaidi. Maelezo yao ni kwamba mnazi wenyewe huangusha vidaka vingi usivyoweza kuvilea, na kima huenda anaupunguzia mzigo. Dada hakusoma ripoti ile. Yeye alikuwa amehesabu nazi zake tu. Lakini lau angemjibu mchuuzi kwa hotuba, wangebishana juu ya kima mpaka adhuhuri. Kwa swali na kimya, mzigo wa kuthibitisha ulihamia kwa aliyeleta hoja.

Mchuuzi akatazama juu, akatazama kikombe. Akasema, "Haya, mia tatu na hamsini." Dada akasema, "Hiyo haijanifikia, ngoja nifikiri." Ukili ukaendelea. Na hapo, msomaji, likatoka neno ambalo mwaka jana hatukulisikia kwa sababu hatukulipa nafasi. Mchuuzi akasema, kama anayezungumza peke yake, "Na gari nimeshalikodi, jioni nazi zinasubiriwa mjini." Wala hakuulizwa. Kimya kilimkereketa yeye kama kilivyomkereketa dada mwaka jana. Baada ya hapo hesabu ikawa nyepesi. Walikubaliana 400, na mkwezi akawa juu ya mchuuzi. Shilingi 240,000 zikaingia mkononi mwa dada nzima, yaani 90,000 zaidi ya mavuno yale ya mwaka jana. Mchuuzi naye akaondoka na mzigo wake kwa wakati, akaomba kahawa ya pili.

Usije ukadhani kimya ni silaha ya kumtisha mtu. Mwaka 2021 watafiti wakiongozwa na Jared Curhan wa chuo cha MIT, Marekani, walitoa uchunguzi juu ya vimya vya sekunde tatu na zaidi katika mapatano. Waliona kwamba vimya hivyo vilisaidia pande zote mbili kupata mapatano yenye manufaa zaidi, kwa kuwa aliyenyamaza alipata nafasi ya kufikiri badala ya kuvutana kamba. Ndivyo ilivyokuwa Pete. Suala la mkwezi ndilo lililowafikisha: mchuuzi mwenye haraka angekuja na mkwezi wake kwa urahisi, na kwa dada lilikuwa punguzo kubwa la gharama.

Lakini uchunguzi huo huo uliona mpaka wake. Pale ambapo mmoja ana cheo kuliko mwenzake, kimya kilileta faida kilipotumiwa na mwenye cheo. Kilipotumiwa na wa chini, faida ile haikuonekana. Kwa hiyo ukiwa mbele ya meza ya mkubwa wako wa kazi, au ofisini unakodai haki yako, usitegemee kunyamaza. Huko sema unachotaka, kwa heshima na kwa ukamilifu. Kwenye simu pia kimya kina hatari, kwani mwenzako haoni ukili wako, atadhani laini imekatika. Mwambie, "Nakusikia, nafikiri," ndipo unyamaze.

Na utajuaje kimya kimepita kiasi? Mtazame mwenzako. Akifikiri, macho yake yanatangatanga na mikono imetulia. Akikasirika, anatafuta viatu vyake, anaangalia saa, au anaanza kuzungumza na mtu wa tatu. Hapo usishushe bei. Fungua mdomo kwa kitu kisicho na gharama: mwongeze kahawa, au muulize, "Unaonaje bwana?" Na kama naye ni fundi wa kunyamaza kama wewe, rudia bei yako ile ile, polepole, kisha urudi kwenye kazi yako. Kosa ni kuirudia ikiwa imepungua.

Juzi dada alinipigia simu. Mchuuzi atakuja tena mwezi ujao. Nikamwuliza kama anataka niende nikakae naye barazani. Akanyamaza. Nikangoja, nikangoja, mpaka nikashindwa, nikasema, "Basi nauli nitajilipia mwenyewe, na sukari nitaleta."

Akacheka sana. Akasema misuko ilikuwa imefika sita tu.