Kiambishi kilichobaki nje ya picha

MFASIRI mmoja ameniuliza: mteja akituma picha ya maandishi yaliyokatwa pembeni, atafsiri kinachosomeka ama asubiri? Jibu langu hutegemea ni ukingo upi uliokatwa.

Amri ya kukataza katika Kiswahili hubeba ukanushi mwanzoni mwa kitenzi. Chukua karatasi ya maelezo ya dawa yenye mstari huu: "Usitafune, meza kwa maji." Picha ikikata herufi mbili tu za kushoto, kinachobaki ni "itafune, meza kwa maji". Hapo ndipo hatari ilipo, kwa sababu "itafune" ni neno kamili. Irabu ya "-si-" imegeuka kiambishi cha mtendwa, yaani dawa, na katazo limekuwa agizo.

Utajuaje? Tazama pambizo ya kushoto. Sentensi ikianza kwa herufi ndogo, na mistari jirani nayo ikianza kwa vipande vya silabi, basi picha imekatwa.

Penye kipimo, katazo ama pesa, wacha kubahatisha. Omba picha nyingine inayoonyesha kingo zote nne za karatasi. Ikiwa karatasi yenyewe imepotea, tafsiri sentensi zilizo kamili tu, kisha andika [imekatwa] mahali pale pale penye pengo. Ukilazimika kukisia, tia kisio lako ndani ya mabano pamoja na alama ya kuuliza, ili msomaji ajue ni lako, si la mwandishi.