Kabla ya Kulipia Tuisheni, Soma Tangazo kwa Kalamu

Matokeo ya mtihani wa moko yakishatoka, nguzo za umeme na kuta za vibanda vya M-Pesa jijini Dar es Salaam hujaa karatasi. Maandishi hutofautiana kidogo tu kutoka mtaa hadi mtaa: tuisheni Kidato cha Nne, wanaorudia mtihani na QT, masomo yote ya sayansi na sanaa, walimu wazoefu, ada shilingi 10,000 kwa somo kwa mwezi, masomo tisa 70,000, Daraja la Kwanza uhakika. Chini kabisa kuna namba ya simu. Tangazo hili ni la mfano, na bei zake pia ni za mfano, lakini mzazi yeyote mwenye mtoto wa Kidato cha Nne atalitambua.

Jicho hukimbilia bei ya jumla, na hapo 70,000 kwa masomo tisa inaonekana nafuu. Kama masomo hayo ndiyo mtoto anayoyahitaji ni jambo linalojulikana tu mtu akiwa na karatasi ya moko mkononi na anajua namna Baraza la Mitihani la Tanzania linavyopanga madaraja.

Katika mtihani wa Kidato cha Nne, A huanzia alama 75, B huanzia 65, C 45, D 30, na chini ya hapo ni F. Kila herufi ina pointi zake: A ni 1, B ni 2, C ni 3, D ni 4 na F ni 5. Yanachukuliwa masomo saba aliyofanya vizuri zaidi, pointi zinajumlishwa, na jumla ndogo ndiyo nzuri. Pointi 7 hadi 17 ni Daraja la Kwanza, 18 hadi 21 la Pili, 22 hadi 25 la Tatu, 26 hadi 33 la Nne. Anayepata 34 au 35 amepata sifuri.

Sasa tumchukue binti mmoja aliyepata B ya Kiswahili, C za Historia na Uraia, D za Jiografia, Kiingereza na Biolojia, kisha F za Hisabati, Fizikia na Kemia. Masomo yake saba bora yanatoa 2, 3, 3, 4, 4, 4 na 5, jumla 25. Ni Daraja la Tatu, tena ukingoni kabisa: Historia ikishuka hadi D tu, anaangukia la Nne.

Nyumbani watasema apelekwe Hisabati, Fizikia na Kemia, kwa sababu huko ndiko kwenye F. Lakini Hisabati ikitoka F kwenda D, jumla inashuka kutoka 25 hadi 24 na daraja linabaki lile lile. Jiografia ikitoka D kwenda C, jumla nayo inakuwa 24, ila sasa kuna mlango uliofunguka: ana C au zaidi katika Historia, Jiografia na Kiswahili, yaani masomo matatu ya tahasusi ya HGK ya Kidato cha Tano. Uraia, hata angepata A, si miongoni mwa masomo ya tahasusi hiyo. Kwa binti huyu, basi, fedha ya kwanza iende kwenye Jiografia, ya pili ilinde Historia, na kama ipo ya tatu iende Kiingereza, ambacho kingemwongezea HKL na HGL. Kifurushi cha masomo tisa kinamlipisha mambo mengi asiyoyahitaji mwaka huu.

Wapo pia wanafunzi ambao Hisabati ndiyo inayowakwamisha kweli, na kwao tangazo zuri ni lile linaloonyesha kwamba mwalimu anaujua muundo wa karatasi. Mtihani wa Hisabati una maswali 14: kumi ya sehemu A yenye alama 6 kila moja, na manne ya sehemu B yenye alama 10. Kwa hesabu ya karatasi yenyewe, maswali matano ya sehemu A yakikamilika ni alama 30, yaani D. Mwalimu makini huchagua na mwanafunzi mada tano au sita za sehemu A na kuzipiga msasa hadi zikae. Anayekimbilia kumaliza silabasi yote kwa miezi mitatu humwacha mtoto na nusu ya kila mada.

Baada ya somo, ndipo bei. Shilingi 10,000 kwa vipindi viwili kwa wiki, kila kimoja saa moja na nusu, ni saa 12 kwa mwezi, kama shilingi 830 kwa saa. Bei hiyo ni ndogo kwa sababu chumbani kuna watu 60. Kipindi cha dakika 90 kikigawanywa kwa watu 60, kila mmoja ana dakika moja na nusu ya mwalimu. Kundi la wanafunzi wanane kwa shilingi 30,000 linampa kila mmoja dakika 11, muda wa kutosha mwalimu kusoma insha yake na kumwonyesha alipoacha hoja. Katika Historia na Jiografia tofauti hiyo ni kubwa mno, maana mitihani hiyo huandikwa kwa Kiingereza, na wengi hupoteza alama kwa kitu wanachokijua ila wameshindwa kukipanga kwenye sentensi.

Kwa hiyo swali la kumpigia mwalimu simu ni jepesi: "Shikamoo Mwalimu, naomba nione daftari moja ulilosahihisha wiki hii." Palipo na kalamu nyekundu, maelezo pembeni na swali lililorudiwa, pana kazi. Palipo na pamfleti za kununua na pepa za kusolvu zisizosahihishwa, mtoto anaweza kujisomea nyumbani, kwani Baraza huweka kwenye tovuti yake miundo ya mitihani na taarifa za uchambuzi wa majibu ya watahiniwa, zinazoeleza swali kwa swali walipokosea. Ni bure.

Kwa sayansi kuna swali jingine: maabara ipo? Fizikia, Kemia na Biolojia zina karatasi ya nadharia yenye alama 100 na ya vitendo yenye alama 50. Tuisheni ya ubao peke yake inaacha theluthi moja ya alama bila mazoezi.

Kuhusu "Daraja la Kwanza uhakika", matokeo hutolewa kwa namba ya kituo cha mtihani na namba ya mtahiniwa, na mwanafunzi wa tuisheni huonekana chini ya shule yake. Jina la kituo cha tuisheni halipo hapo. Anayejigamba kwa watahiniwa wa kujitegemea atoe namba ya kituo inayoanza na P, ifunguliwe mbele yake. Anayedokeza kuwa ana "pepa yenyewe" aachwe mara moja, kwa sababu Baraza hufuta matokeo ya wanaobainika kufanya udanganyifu.

Aliyeishia njiani naye asikubali ahadi ya QT na Kidato cha Nne ndani ya mwaka mmoja. QT hufanywa kwanza, na anayefaulu hufanya Kidato cha Nne mwaka unaofuata au baadaye. Tena ada ya usajili wa mtihani ni tofauti na ya tuisheni; hulipwa kwa namba ya malipo, na mtahiniwa aione risiti yake mwenyewe.

Limebaki suala la Novemba. Mtihani wa Kidato cha Nne huanza mwezi huo, hivyo vipindi havifiki mwisho wa mwezi, lakini vituo vingine hutoza ada nzima. Makubaliano ya mwezi huo yaandikwe siku ya kujiandikisha, pamoja na kiingilio na bei ya pamfleti, kabla fedha haijatoka mfukoni.