Kesho ya nani? Ukweli na uzushi kuhusu mada ya barua pepe ya udhuru

"Mada ndefu na rasmi ndiyo ya heshima." Si kweli. Wengi tumezoea kuandika "Taarifa ya kutokuwepo kazini kwa sababu zisizozuilika". Sasa mweke msimamizi kwenye daladala, simu mkononi. Simu nyingi zikishikwa wima huonyesha herufi thelathini na kitu hadi arobaini hivi za mada, kisha hukata. Ataona "Taarifa ya kutokuwepo kazini kwa sababu", basi. Nani hayupo, anajua, maana jina la mtumaji liko juu. Lini, na nani atafungua kaunta, hajui. Linganisha na hii:

```
Sitakuwepo Alhamisi 14 Machi: Neema atashika kaunta
```

Hadi kwenye "Machi" ni herufi 28 pamoja na nafasi, kwa hiyo hata ikikatwa, siku imebaki. Heshima ina nafasi yake ndani ya barua: salamu, pole kwa usumbufu, shukrani.

"Ukiandika 'kesho' inatosha." Si kweli, na hili ndilo linaloumiza zaidi. Unaandika Jumatano saa tano usiku, mtoto ana homa. Msimamizi anafungua kikasha Alhamisi saa mbili asubuhi, anasoma "Sitakuja kesho", anaelewa Ijumaa. Anapanga mtu wa Ijumaa huku wateja wa Alhamisi wamejipanga mbele ya dirisha lililofungwa. Muda wa kutuma umeandikwa, ndiyo, lakini mwenye haraka hautazami. Andika siku na tarehe vyote viwili: ukikosea kimoja, kingine kitakufichua kabla hujatuma.

"Taarifa na ombi ni kitu kimoja." Si kweli kabisa. Taarifa husema jambo limeshatokea, kama ugonjwa wa ghafla. Ombi linangoja jibu. Aliyeandika "Ruhusa 18–20 Machi" amemwacha msomaji akijiuliza: amepewa tayari, au anaomba? Barua ya namna hiyo huwekwa kando isomwe baadaye, na mwombaji anafika tarehe 17 bila jibu. Neno moja mwanzoni linamaliza utata:

```
Ombi: ruhusa 18–20 Machi, naomba jibu kufikia 11 Machi
```

"Lazima utaje ugonjwa ili uaminiwe." Si kweli. Mada huweza kujitokeza kwenye kioo cha simu hata simu ikiwa imefungwa, na simu ya msimamizi hulala mezani kwenye mkutano. Ukiandika jina la maradhi, mezani wote wamelisoma. "Udhuru wa afya" latosha, na cheti cha daktari kiambatanishwe ndani.

"Kujibu barua ya zamani ili kupata anwani haraka hakuna ubaya." Kweli, ila futa mada ya zamani kwanza. Udhuru uliojificha chini ya "Re: Ripoti ya Februari" utafunguliwa na mtu anayetafuta ripoti, saa yoyote atakayoihitaji.