Kusoma Matangazo ya Kazi kwa Mwaka Mzima

Anayetafuta kazi ya ufuatiliaji na tathmini nchini Tanzania akisoma matangazo ya wiki moja tu, atadhani waajiri wanataka mtu anayejua kila kitu. Akiyakusanya kwa miezi kumi na miwili, huanza kuona yanayojirudia kweli.

Kazi ya kuyakusanya huhitaji jedwali la Excel: mstari mmoja kwa kila tangazo, na safu za mwezi, mwajiri, mfadhili, sifa za lazima, sifa za ziada na majukumu. Ugumu uko kwenye kuhesabu. Tangazo moja husambazwa kwenye tovuti nyingi na makundi ya WhatsApp, na mwajiri mmoja anaweza kutangaza nafasi ileile kwa mikoa kadhaa. Tuseme Stata imetajwa mara 15, lakini mara 9 kati ya hizo zimetoka kwa mwajiri mmoja anayenakili maneno yaleyale kila anapotangaza. Zile 6 zilizobaki kila moja ikiwa na mwajiri wake, basi wanaotaka Stata ni waajiri 7. Hiyo ndiyo hesabu ya kuandika.

Sehemu ya tangazo yenye utajiri zaidi ni majukumu, na wengi huiruka. Kwenye sifa huandikwa shahada, uzoefu na "ujuzi wa kompyuta", maneno yasiyotofautisha fani na fani. Lakini tangazo la mradi wa afya likisema afisa "atahakiki ubora wa takwimu vituoni kila robo mwaka", limetaja ujuzi kamili bila kuupa jina. Afisa huyo atakaa zahanati na rejista ya MTUHA ya wajawazito, ahesabu mahudhurio ya mwezi mstari kwa mstari, kisha alinganishe na fomu ya muhtasari na kilichoingizwa kwenye DHIS2. Rejista ikionyesha 48, fomu 48 na mfumo 84, kosa limetokea wakati wa kuingiza. Rejista ikiwa 48 na fomu 61, muhtasari ndio uliokosewa, na atalazimika kukaa na muuguzi aliyeujaza. Kwa hiyo jedwali zuri huwa na safu ya ujuzi uliofichwa ndani ya majukumu, inayojazwa kwa maneno ya msomaji mwenyewe.

Kukusanya kwa mwaka mzima kuna sababu yake. Miradi hutangaza nafasi kwa mafungu fedha zinapoingia: mwaka wa fedha wa Serikali ya Tanzania huanza Julai 1, wa Marekani Oktoba 1. Anayesoma miezi mitatu pekee huenda akaona matakwa ya mfadhili mmoja akadhani ni ya fani nzima.

Hata mwaka mzima unaweza kupotosha. Januari 2025 Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje, na miradi mingi ya afya ikayumba. Kwa kipindi hicho, ujuzi uliopungua kwenye matangazo haukuwa lazima umepitwa na wakati. Huenda aliyeondoka ni mlipaji. Safu ya mfadhili ndiyo itakayoonyesha: kama DHIS2 imepungua kwa miradi ya mfadhili mmoja lakini kwa wengine iko palepale, bado inatakiwa.