Upana wa Mtaro na Mifuko 20 ya Saruji

Kamati ya mtaa ikikaa na fundi kupanga mtaro wa zege, kipimo kinachotajwa upesi ni 60 kwa 60: upana sentimita 60, kina sentimita 60. Kinazoeleka kwa sababu fundi anaingia na kufanya kazi humo bila taabu, na mbao alizofungia mtaro uliopita zinamfaa tena. Kiasi cha maji kitakachopita ndani yake hakijaulizwa bado. Hapo ndipo fedha nyingi za mitaro hupotea, kwa kuwa zege linaweza kuwa imara miaka 30 na nyumba za jirani zikaingiwa na maji kila masika.

Tuanze na maji yenyewe. Tuchukue mtaa wa hekta 3, yaani mita za mraba 30,000, wenye mabati yaliyobanana na nyua za udongo ulioshindiliwa na miguu, kama zilivyo sehemu nyingi za Tandale na Manzese jijini Dar es Salaam. Mvua kali ya muda mfupi inanyesha kwa kasi ya milimita 100 kwa saa. Mhandisi huitoa kasi ya namna hii kwenye kumbukumbu za Mamlaka ya Hali ya Hewa, akichagua mvua inayotarajiwa mara moja katika miaka 5 au 10. Sisi tumeweka 100 ili hesabu ifuatike. Milimita 100 ni sehemu ya kumi ya mita, kwa hiyo katika saa moja juu ya mtaa huu zinashuka mita za ujazo 3,000. Si zote zitakazofika mtaroni. Nyingine zinanywewa na udongo, nyingine zinabaki kwenye madimbwi. Kwa mtaa uliojengeka hivi, kukadiria kwamba asilimia 70 zitatiririka si kutia chumvi. Zinabaki mita za ujazo 2,100 kwa saa, ambazo ni karibu lita 580 kila sekunde.

Lita 580 kwa sekunde ndiyo namba ambayo mtaro lazima uijibu. Nyua zikisakafiwa na vibanda vikiongezeka, itapanda bila tone moja la mvua kuongezeka, maana udongo uliokuwa unanywa umefunikwa.

Sasa tugeukie mtaro. Tangu mwaka 1889, mhandisi wa Ireland Robert Manning alipowasilisha kazi yake, wahandisi wa dunia nzima wamekuwa wakipima uwezo wa mfereji kwa kanuni inayobeba jina lake:

```
Q = A × R^(2/3) × √S ÷ n
```

Q ni maji yanayopita kwa sekunde, katika mita za ujazo. A ni eneo la maji ukiutazama mtaro kwa kuukata mkato wa wima. S ni mteremko. n ni ukwaru wa kuta na sakafu. Kwa zege lililosawazishwa vizuri kwa mwiko huchukuliwa 0.015, na likiachwa na makovu ya mbao hupanda. R ndiyo inayowapita wengi: ni eneo hilo la maji ukiligawa kwa urefu wa sakafu na kuta zinazolowa. Zege linayazuia maji kila yanapoligusa, kwa hiyo mtaro wenye maji mengi na mguso mdogo unapitisha kwa kasi zaidi.

Mtaro wetu wa 60 kwa 60 haujazwi hadi ukingoni. Huachwa sentimita 10 juu kwa ajili ya mawimbi na takataka, hivyo kina cha maji ni sentimita 50. Eneo ni mita za mraba 0.30 na urefu unaolowa ni mita 1.6. Ardhi ikishuka sentimita 50 katika kila mita 100, maji yatakwenda mita 1.5 kwa sekunde na mtaro utapitisha lita 460 hivi. Mtaa unaleta 580. Lita 120 zilizobaki hazina pa kwenda kila sekunde ila barabarani na vibarazani.

Wengi wakifika hapa husema, basi tuchimbe chini zaidi. Jaribu kwanza kupanua. Ongeza sentimita 20 tu za sakafu, upana uwe 80, kina kibaki kilekile. Eneo la maji linakuwa mita za mraba 0.40, urefu unaolowa mita 1.8, na uwezo unaruka hadi lita 690. Sakafu imeongezeka kwa theluthi moja, ila maji yameongezeka kwa karibu nusu, kwa kuwa kasi nayo imepanda. Mtaa sasa unapumua, na akiba ya lita zaidi ya 100 imebaki.

Je, gharama ya zege? Tuchukue sakafu na kuta zenye unene wa sentimita 15. Katika mtaro wa 60, sakafu inapita chini ya kuta zote mbili, hivyo upana wake kamili ni sentimita 90. Kila mita moja ya mtaro inakula mita za ujazo 0.135 za sakafu na 0.18 za kuta, jumla 0.315. Kwa mita 100 ni mita za ujazo 31.5. Katika mtaro wa 80 kuta hazibadiliki hata kidogo. Kinachobadilika ni sakafu, na jumla inakuwa mita za ujazo 34.5. Zege limeongezeka kwa chini ya sehemu moja ya kumi.

Kwa mchanganyiko wa moja kwa mbili kwa nne, yaani saruji moja, mchanga miwili na kokoto nne, mita moja ya ujazo ya zege hula mifuko 6 na kidogo ya kilo 50. Mtaro wa 60 utahitaji karibu mifuko 200 kwa mita 100, na wa 80 karibu 220, bila kuhesabu kinachomwagika. Ongeza juu yake kama mita moja na robo ya ujazo ya mchanga na mbili na nusu za kokoto, pamoja na uchimbaji kidogo. Mifuko 20 ya saruji ndiyo inayotenganisha mtaro unaofurika na mtaro unaotosha. Kuchimba kina hadi sentimita 80 na kubakiza upana wa 60 kungetoa uwezo unaokaribia sana huo, lita 700. Lakini kuta mbili ndizo zingerefuka, zege lingeongezeka kwa karibu theluthi mbili ya sehemu ya kumi mara tatu, yaani asilimia 19, na mdomo wa kutolea maji ungelazimika kushuka nao. Kwenye tambarare za Dar es Salaam mahali pa kushukia mara nyingi hapapo.

Kupanua kuna mpaka wake. Kiangazi maji ya kuogea na kufulia yanatandazwa membamba juu ya sakafu pana, yanakosa nguvu, na mchanga unatua. Ndiyo maana sakafu pana hupewa mbonyeo mdogo katikati ili maji machache yakusanyike na kusukuma uchafu. Mchanga si jambo la kupuuza: ukitua sentimita 20 katika mtaro wetu wa 80, kina cha maji kinabaki 30 na uwezo unashuka kutoka lita 690 hadi 350. Theluthi ya kina imejaa, nusu ya uwezo imekwenda.

Mteremko nao hudanganya macho. Ukipungua hadi robo, uwezo unapungua hadi nusu, kwa kuwa kanuni inachukua kipeuo cha pili chake. Sentimita 12 na nusu kwa mita 100 badala ya 50 hazionekani kwa mtu aliyesimama kando. Fundi hupima kwa bomba la maji lenye kuonyesha ndani, akipigilia vigingi kila mita 10 na kuvuta uzi. Kila kigingi kinapaswa kushuka sentimita 5 kutoka kile kilichotangulia. Sakafu ikishakauka, mwaga mapipa kadhaa ya maji juu kabisa kisha urudi baada ya nusu saa. Penye dimbwi pana mgongo, na hapo ndipo mchanga utakapoanzia.

Zege lenyewe huanza na tabaka jepesi la sentimita 5, ambalo mafundi huliita blainding, ili nondo zisilale kwenye tope. Kisha humwagwa sakafu, ikiacha nondo za kuta zimesimama. Pembe ambamo ukuta unakutana na sakafu ndiyo udhaifu mkubwa wa mtaro, kwa sababu ukuta humwagwa siku nyingine. Pasipokwaruzwa, kusafishwa vumbi na kuloweshwa kabla ya zege la pili, hapashikani, maji hupenya, udongo wa nyuma hutoroka kidogo kidogo na ukuta huinamia ndani. Ukiona ufa ulionyooka unaofuata pembe hiyo, sababu huwa ni hiyo.

Maji ya kuchanganyia ni lita 25 hivi kwa mfuko, na yapungue ikiwa mchanga una unyevu. Vibarua huongeza ndoo ili zege liteleze kirahisi kati ya mbao, na nguvu inapotea palepale. Dawa ya zege gumu kushuka ni kulishindilia kwa vaibreta au fimbo ya chuma, la sivyo mbao zikifunguliwa kuta zitaonyesha matundu na kokoto tupu. Mchanga wa baharini usitumike, chumvi yake inakula nondo. Zege limwagiliwe siku 7 mfululizo.

Kuta ziachiwe matundu ya bomba la sentimita 5 kila mita 2 hivi, na kokoto nyuma yake. Masika udongo wa mabondeni hushiba maji, na mtaro ukiwa mtupu maji hayo husukuma kuta kutoka nje. Yasipopata mlango, hupasua ukuta au kuinua sakafu.

Kisha kuna kalvati ya mwisho, pale mtaro unapovuka barabara. Bomba la sentimita 60 kwa mteremko uleule hupitisha lita 430 tu likijaa. Mtaro wa 80 ukifikia hapo na lita 580, maji yatarudi nyuma, na zege lote la juu halitasaidia kitu. La sentimita 90 lingetosha kwa nafasi kubwa.

Kwa kamati yoyote inayokaribia kusaini mkataba wa mtaro: kabla ya kuuliza bei ya mita, ombeni kuonyeshwa lita kwa sekunde zinazotegemewa kutoka mtaani, vipimo vya mteremko kigingi kwa kigingi, na kipenyo cha kalvati ya mwisho. Fundi au mkandarasi asiyeweza kuzitaja namba hizo hajausanifu mtaro wenu bado.