Jarida la Ndani Ambalo Wafanyakazi Watalifungua

Toleo la mwezi limetoka. Ukurasa wa kwanza una picha ya mkurugenzi mtendaji akikata utepe, na chini yake ujumbe wake wa aya sita. Inafuata ripoti ya kikao cha menejimenti, halafu picha za bonanza la michezo. Mwisho kabisa, kati ya salamu za siku za kuzaliwa na tangazo la maegesho, kuna aya moja inayosema utaratibu wa kurejesha masurufu umebadilika. Mwezi unaofuata afisa mmoja anaomba fedha za safari, mhasibu anamkatalia. "Hatukuambiwa," anasema afisa. "Ilikuwa kwenye jarida," anajibu mhasibu. Wote wawili wanasema kweli.

Ugomvi wa namna hii huzikuta zaidi taasisi za ukubwa wa kati. Penye watu 20, bosi husimama ofisini akasema neno likawafikia wote. Penye watu 5,000 kuna kitengo kizima cha mawasiliano. Katikati hapo, kwenye watu 200 au 300 waliotawanyika matawini, jarida huangukia mikononi mwa afisa utumishi au katibu muhtasi mwenye kazi nyingine tele, naye hulijaza kwa kile alicholetewa na wakubwa. Wafanyakazi wakishaona matoleo mawili matatu hayana linalowahusu, la nne hawalifungui.

Anayetaka lifunguliwe aanze na habari inayogusa mfuko, muda au kazi ya msomaji. Nayo mara nyingi ni mabadiliko ya utaratibu, yaani ile aya iliyotupwa mwisho.

Tuseme kuna taasisi ya mikopo midogo yenye wafanyakazi 240, makao makuu Dar es Salaam na matawi Morogoro, Dodoma, Mbeya na Mwanza. Menejimenti imeamua kupunguza muda wa marejesho ya masurufu kutoka siku 14 hadi 7. Idara ya fedha inamletea mhariri wa jarida maneno haya:

"Kufuatia kikao cha Menejimenti kilichofanyika tarehe 12 Juni, na kwa kuzingatia haja ya kuimarisha usimamizi wa fedha, wafanyakazi wote mnataarifiwa kuwa kifungu kinachohusu marejesho ya masurufu kimefanyiwa marekebisho ili kuendana na mahitaji ya sasa. Mnaombwa kuzingatia."

Soma tena utafute idadi ya siku. Haimo. Wala haisemwi mabadiliko yanaanza lini, au aliye safarini leo afuate utaratibu upi. Aliyeandika alikuwa kikaoni, anayajua yote, kwa hiyo hakuona pengo. Kazi ya mhariri ni kumrudia na kumuuliza mpaka aya isomeke hivi:

"Kuanzia tarehe 1 Julai, ukirudi safari ya kikazi utakuwa na siku 7 za kurejesha masurufu, si 14 kama ilivyokuwa. Siku zinahesabiwa kuanzia kesho yake baada ya kurudi, Jumamosi na Jumapili zikiwemo. Safari iliyoanza kabla ya 1 Julai inabaki na siku zake 14. Ukichelewa, hutapewa masurufu mengine hadi ufunge ya kwanza. Tumepunguza muda kwa sababu masurufu mengi yalikuwa yanavuka mwaka wa fedha bila kufungwa. Fomu ni ileile. Ukiwa na swali, muulize mhasibu wa tawi lako."

Aya hii ni ndefu mara mbili hivi ya ile ya kwanza, lakini inabeba kila anachokihitaji msomaji: kinachobadilika, tarehe, anayehusika na asiyehusika, la kufanya, na wa kuuliza. Sababu imepewa sentensi moja, nayo imekuja baada ya maelekezo. Waraka wa kiserikali huanza na sababu ili kujenga mamlaka. Msomaji wa simu yuko kwenye daladala, na akikutana na "kufuatia kikao" anaacha hapo hapo. Hata hivyo sababu isifutwe, kwa kuwa watu wasipoambiwa watajitungia yao, na ya kwanza itakuwa kwamba kuna mtu ameiba.

Hapo bado hatujafika mwisho. Kabla ya kutuma, mhariri ampelekee rasimu mtu mmoja wa tawini ambaye hakushiriki uamuzi. Tuseme amempelekea afisa mikopo wa Mbeya, anayeshinda vijijini na vikundi vya wakopaji. Jibu linarudi kwa ujumbe mfupi: "Sawa dada, ila na bodaboda je? Wale hawana risiti." Idara ya fedha haikuliwaza hilo, lakini kwa afisa huyo ndiyo safari nzima. Mhariri anauliza, anapata jibu, anaongeza sentensi: "Nauli isiyo na risiti iandikwe kwenye orodha ya matumizi, isainiwe na meneja wa tawi." Swali la mtu mmoja limewapunguzia wahasibu simu za wiki nzima.

Lipo jambo la kisheria ambalo mhariri halali nalo. Jarida hutangaza, halichukui nafasi ya barua. Kwa Tanzania, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri, pale masharti ya ajira yaliyoandikwa yanapobadilika, ashauriane na mfanyakazi, arekebishe maandishi hayo na kumjulisha kwa maandishi. Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007 ina sharti linalofanana na hilo. Siku za kurejesha masurufu ni utaratibu wa ndani, jarida linatosha kuutangaza endapo kanuni zenyewe zimesharekebishwa. Lakini saa za kazi au kiwango cha mshahara haviishii kwenye jarida. Vivyo hivyo, mhariri asikubali kuandika "atakayechelewa atakatwa mshahara" kwa kuwa tu mhasibu amesema. Sheria hiyo ya Tanzania imeweka mipaka ya makato ya mshahara, na tishio lisilo na msingi likichapishwa litageuka ushahidi dhidi ya mwajiri. Habari ya aina hiyo ipite kwanza kwa afisa utumishi, na kama kuna mkataba wa hali bora, chama cha wafanyakazi kijue mapema.

Tuje kwenye mafanikio, sehemu ambayo majarida mengi huijaza sifa. "Tawi la Mbeya lang'ara! Hongereni sana kwa kazi nzuri!" Anayesoma Mwanza hapati kitu hapo, ila hisia kwamba Mbeya wanapendelewa. Sasa chukua habari hiyohiyo iandikwe hivi: mkopo wa kikundi Mbeya ulikuwa unachukua siku 9 tangu maombi hadi fedha kutoka, sasa unachukua 5, kwa sababu maafisa wanahakiki vitambulisho siku ileile ya mkutano wa kikundi badala ya kusubiri wanachama waje ofisini. Aliyeanzisha ni fulani, na anayetaka kujua anavyofanya ampigie. Sasa Mwanza wanaweza kuiga. Sifa imemfikia aliyefanya kazi, wala haikuhitaji alama ya mshangao. Kama habari haina "walifanyaje", basi haijaiva. Mhariri aipigie simu tena au aiache.

Harusi, watoto waliozaliwa na wastaafu wanaoagwa wasidharauliwe, maana watu huanza kusoma kwa kutafuta majina wanayoyafahamu. Msiba hausubiri jarida. Huo unatangazwa siku hiyohiyo, na jarida litaandika shukrani za wafiwa baadaye. Ugonjwa wa mtu usiandikwe bila ridhaa yake, hata kwa nia ya kumwombea. Sheria za kulinda taarifa binafsi, ya Kenya ya mwaka 2019 na ya Tanzania ya mwaka 2022, zinazihesabu taarifa za afya kuwa nyeti.

Baada ya maudhui inakuja njia ya kuyafikisha. Kwenye simu, mada ya barua pepe huonekana herufi 30 hadi 40 hivi, kisha hukatwa. "Jarida la Ndani, Toleo Na. 14, Juni" linamaliza nafasi yote bila kusema lolote. "Marejesho ya safari: sasa siku 7" inatosha nafasi hiyohiyo, na hata asiyefungua ameshapata kiini. Ndani, habari hiyo iwe ya kwanza, kwa kuwa Gmail hukata barua inayozidi kilobaiti 102 na kuacha kiungo cha kusoma kilichobaki, ambacho wengi hawakibonyezi. Habari nne au tano zinatosha toleo moja.

Madereva, walinzi na wahudumu wengi hawana barua pepe ya kazini. Kwao, chapa habari kuu kwenye karatasi moja ya A4, herufi kubwa, ibandikwe pale wanaposaini mahudhurio. Kwenye kundi la WhatsApp la tawi, weka aya ya mabadiliko kama ujumbe wa kawaida, usiifungie ndani ya faili la PDF la megabaiti kumi. Mtu anayenunua bando la siku atalipita faili, lakini ujumbe wa mistari sita atausoma.

Utajuaje kama limesomwa? Mifumo ya kutuma barua pepe hutoa asilimia ya waliofungua kwa kuficha picha ndogo sana ndani ya barua. Picha ikipakuliwa, mfumo unahesabu barua imefunguliwa. Hesabu hiyo ilipoteza uzito tangu mwaka 2021, Apple ilipoweka kinga ya faragha inayopakua picha hizo yenyewe hata kama mtu hajagusa barua, na upande wa pili, aliyezima picha anaweza kuisoma yote asihesabiwe. Kwa taasisi yetu ya mfano kipimo bora kiko kwa mhasibu: mwezi Julai, marejesho mangapi yaliingia ndani ya siku 7, na ni watu wangapi walipiga simu kuuliza jambo ambalo jarida lilishalijibu? Simu zikiwa nyingi na zote zinauliza kitu kimoja, sentensi fulani haikueleweka. Irekebishwe toleo lijalo kwa maneno ya wale waliouliza. Simu zikitoka tawi moja tu, tatizo liko kwenye njia: huenda karatasi haikubandikwa.

Basi mhariri, kabla hujabonyeza kitufe cha kutuma, mpe rasimu mtu ambaye hakuwa kikaoni, umwachie dakika mbili, kisha umuulize: kinabadilika nini, kuanzia lini, nawe ufanye nini? Akishindwa kujibu hata moja kati ya hayo matatu, usitume. Kaa uandike upya.